Kazi ya mitambo ya sauti wikiendi: jinsi ya kuingia bila vifaa na kuitwa tena

Ukitaka kufanya kazi za sherehe Jumamosi na Jumapili, unaweza kupamba, kupokea wageni, kushika maiki kama emsii, au kukaa upande wa mitambo ya sauti. Mimi nakushauri uanzie mitamboni, hasa kama huna mtaji wala jina. Mpambaji anatafuta mtu mwenye jicho, na emsii anaajiriwa kwa sababu watu wameshamsikia mahali. Mwenye mitambo ana shida nyingine kabisa: kazi yake haifanyiki na mtu mmoja. Spika ni nzito, kebo ni nyingi, na shughuli ikianza anahitaji mtu wa kukaa kwenye mixa, mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, na mwingine wa kupeleka maiki kwa wasemaji. Siku akipata shughuli mbili, anaanza kupiga simu huku na huku tangu Alhamisi.

Watu wa kubeba anawapata. Anachokosa ni mtu anayeweza kuachwa na maiki kwa dakika kumi bila ukumbi kuzibwa masikio. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuwa mtu huyo, kisha jinsi ya kubisha hodi.

Usinunue spika

Kosa la kwanza la wengi ni kukopa ili wanunue mitambo kabla ya kujua kuitumia. Vifaa vinakodishwa, ujuzi haukodishwi. Kwa kuanzia unahitaji vitu vinavyoingia kwenye mkoba mmoja: tochi ndogo, bisibisi, kalamu ya wino usiofutika, betri mpya nne za saizi ya AA, na tepu ya kitambaa. Tepu ya kufungia maboksi usiilete. Inaacha gundi kwenye kebo na sakafuni, na mwenye ukumbi atakukumbuka kwa ubaya.

Kitu kimoja zaidi ni waya wa kuunganisha simu au kompyuta kwenye mixa: upande mmoja una pini ndogo ya milimita 3.5, ile ya kuchomekea spika za masikioni, na upande wa pili una pini mbili nene za milimita 6.35. Huu ndio waya unaosahaulika kuliko wote. Atakayeutoa mfukoni wakati muziki hauna pa kupitia, jina lake linashikwa siku hiyo hiyo.

Vaa nguo nyeusi au za rangi iliyokolea na viatu vinavyofunika vidole. Nyeusi ni kwa sababu utapita mbele ya wageni na kamera. Viatu ni kwa sababu ya spika.

Jifunze njia ya sauti

Kabla ya kuomba kazi, jua sauti inapita wapi. Inaanzia mdomoni, inaingia kwenye maiki, inapita kwenye kebo au hewani mpaka kwenye kipokezi, inaingia kwenye chaneli yake ya mixa, inapandishwa na kitufe cha geini, inarekebishwa kwenye vitufe vya besi na sauti nyembamba, inapita kwenye feda ya chaneli, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, inakutana na zingine kwenye feda kuu, kisha inakwenda kwenye spika. Ikatike popote, tafuta kwa kufuata njia hiyo kuanzia mdomoni, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Maiki haisikiki? Angalia kama taa za chaneli yake zinacheza. Zikicheza, maiki na kebo ni nzima na shida iko mbele: feda imeshushwa, kitufe cha kunyamazisha kimebonyezwa, au spika imezimwa. Zisipocheza, shida iko nyuma, kwa hiyo badilisha kebo kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Kebo ndizo zinazokufa mara nyingi, kwa kawaida pale inapoungana na kichwa chake.

Geini ndicho kitufe kinachowachanganya wanaoanza, maana kinapandisha sauti kama feda, ila kazi yake ni tofauti. Geini inaamua maiki iingie mixa ikiwa na nguvu kiasi gani. Feda inaamua ukumbi usikie kiasi gani. Shusha feda hadi chini, mwambie mtu aongee kwa sauti atakayotumia kwenye shughuli yenyewe, kisha pandisha geini polepole mpaka taa za kijani zijae na ya njano imulike pale anapopaza sauti. Nyekundu isiwake kamwe. Hapo ndipo unapandisha feda mpaka karibu na alama ya 0. Geini ikiwa ndogo mno, utasukuma feda hadi mwisho na kusikia mvumo wa mashine. Ikizidi, sauti itapasuka, na kushusha feda hakutaiponya, maana imeshaharibika mlangoni.

Pa kujifunzia pako karibu: nyumba za ibada, shule na kumbi nyingi zina mixa ndogo inayotumika kila wiki, na anayeisimamia mara nyingi amechoka kuwa peke yake. Omba kukaa naye na kumsaidia kufunga vifaa kwa wiki kadhaa. Ukiweza kuweka geini ya maiki tatu bila kuuliza, umefikia kiwango cha kuomba kazi.

Mluzi, ndio unaopima fundi

Mgeni hajui mixa ni nini, lakini mluzi wa maiki anaujua. Ule mlio mkali unatokea pale sauti ya spika inaporudi kwenye maiki, inapandishwa tena, inatoka tena kwenye spika na kurudi tena, mzunguko usio na mwisho. Wanaoanza hukimbilia vitufe. Dawa ya kwanza haiko kwenye mixa, iko kwenye nafasi ya vitu.

Anza na mdomo. Umbali kati ya mdomo na maiki ukipungua nusu, tuseme kutoka sentimita 20 hadi 10, sauti inayoingia inaongezeka kwa takriban desibeli 6, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Maana yake unaweza kushusha feda kwa desibeli 6, ukumbi ukasikia vilevile, na mluzi ukasogea mbali. Hakuna kitufe chochote kitakachokupa nafuu kubwa hivyo bure. Kwa hiyo kumfundisha msemaji kushika maiki ni sehemu ya kazi yako. Na asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, kama wafanyavyo waimbaji wa video. Maiki hizi zimetengenezwa zisikie zaidi mbele na kidogo sana nyuma, na matundu yanayozifanya zichague hivyo yako nyuma ya wavu. Ukiyaziba, maiki inaanza kusikia pande zote, spika zikiwemo.

Pili ni spika. Zinatakiwa kusimama mbele ya mtu anayeongea, zikitazama watu, ili maiki ibaki nyuma ya spika. Spika iliyowekwa nyuma ya emsii kwa sababu pale panapendeza itakusumbua usiku kucha. Hapa utagombana kidogo na mpambaji. Zungumza naye mapema, kabla hajafunga vitambaa, na mpe sababu. Wengi wanaelewa.

Tatu ni idadi ya maiki zilizo wazi. Kila idadi hiyo ikiongezeka maradufu, nafasi yako kabla ya mluzi inapungua kwa desibeli 3. Maiki nne zikiwa wazi wakati anayeongea ni mmoja, umejinyima desibeli 6, yaani umeufuta ule msaada wote wa kusogeza mdomo. Asiyeongea, maiki yake inyamazishwe.

Baada ya hayo ndipo uguse vitufe vya sauti. Kabla wageni hawajafika, fungua maiki ya emsii pale atakaposimama na upandishe feda kuu taratibu mpaka usikie sauti ya ukumbi ikianza kung'ang'ania. Sikiliza ni mlio gani. Ukivuma "uuu" kama mtu anayepuliza chupa, uko chini, kati ya 200 na 500 kwa hezi, kipimo cha wembamba wa sauti. Ukiwa kama mluzi wa mdomo, uko kwenye hezi 1,000 hadi 2,000. Ukichoma sikio kama sindano, uko juu ya 3,000. Punguza eneo hilo kwa desibeli 3 hadi 6, pandisha tena mpaka mlio wa pili utokee, upunguze nao, kisha ushushe feda kuu desibeli chache ili ubaki na akiba. Simama hapo. Ukiendelea kukata kila kinacholia utaishia na sauti ya redio mbovu. Uwe mwangalifu zaidi kati ya hezi 2,000 na 4,000, kwa sababu huko ndiko zinakosikika herufi kama s, t na k. Ukilichimba eneo hilo, wageni watasikia kwamba mtu anaongea lakini hawataelewa anasema nini.

Kwenye chaneli za maiki bonyeza pia kile kitufe cha kukata besi, ambacho kwa kawaida hukata chini ya hezi 80 au 100. Sauti ya mtu anayehutubia haipotezi kitu cha maana huko, na mishindo ya mkono na miguu inaondoka.

Kuna kitu mixa haiwezi kutibu, nacho ni ukumbi wa saruji na vioo vitupu unaorudisha mwangwi. Humo elekeza spika kwa watu na siyo kwenye kuta, na usipandishe sauti ukidhani ndiyo itaeleweka. Mwangwi nao unapanda pamoja nayo. Wageni wakishaketi, miili na nguo zao zinanyonya sauti, na ukumbi unatulia kuliko ulipokuwa mtupu.

Kukunja kebo

Hili ni dogo kwa kulitaja, lakini ndilo mwenye mitambo atakalolitazama siku ya kwanza. Usizungushe kebo kwenye kiwiko na kiganja. Waya wa ndani unasokotwa kila mzunguko, na baada ya miezi unakatika ukiwa bado unaonekana mzima kwa nje. Shika mwanzo wa kebo kwa mkono wa kushoto, vuta kipande cha urefu wa mkono kwa kulia, na uweke duara la kwanza kama kawaida. Duara la pili, geuza kifundo cha mkono kuelekea ndani ili kebo ipite chini yake badala ya juu. La tatu juu, la nne chini, hivyo hivyo hadi mwisho. Msokoto wa duara moja unafutwa na lile linalofuata. Ukiirusha kebo kesho inanyooka yenyewe bila fundo. Fanya mazoezi nyumbani kwa kamba ya mita kumi mpaka mkono ufanye bila kufikiri.

Kubisha hodi

Usiombe kazi Jumamosi shughuli ikiwa imepamba moto. Fundi ana jasho na wasiwasi, atakujibu "sawa, sawa" na kukusahau. Ukimwona kwenye shughuli, msalimie anapofungasha, chukua namba yake, na umtafute Jumanne au Jumatano. Alhamisi ni siku ya kumkumbusha, kwa sababu ndipo anapojua amepungukiwa na watu.

Ujumbe uwe mfupi na useme unachoweza kufanya, siyo unavyopenda muziki. Kwa mfano: "Shikamoo kaka. Tulisalimiana Jumamosi ulipokuwa unafungasha. Ninajua kukunja kebo, kuweka geini, na kubadilisha betri za maiki. Sijawahi kuendesha shughuli nzima peke yangu. Nina nafasi Jumamosi na Jumapili zote za mwezi huu na ninaweza kufika saa moja kabla ya gari la vifaa. Ukipungukiwa mtu, nipigie hata usiku." Ile sentensi ya kukiri usichojua ina kazi yake. Fundi akiisoma anajua atakupa nini na hatakupa nini, na anakuamini kwa yale mengine.

Tafuta watu watatu au wanne wa namna hii, na usimtegemee mmoja. Waulize pia wapambaji na emsii wanafanya kazi na fundi gani, maana wao wanajua nani ana shughuli nyingi kuliko mikono.

Akikuita, mpatane kabla ya siku: malipo ya siku ni kiasi gani, yanalipwa lini, nauli ya kurudi usiku ni ya nani, chakula kipo, na kazi inaisha saa ngapi pamoja na kufungasha. Yaandike kwenye ujumbe hata kama mliongea kwa simu: "Kaka, nathibitisha tulivyoongea..." Kama ni mara yako ya kwanza na fundi anataka kukujaribu, siku moja kwa nauli na chakula ni haki. Ya pili ilipwe. Anayekuita mara ya tatu kwa nauli tu, ameshaona unafaa na hataki kulipa.

Siku ya kazi, hatua kwa hatua

Tuchukue shughuli ya kumuaga mfanyakazi anayestaafu, wageni 150, ukumbi wa mita 12 kwa 20, kuanza saa kumi na mbili jioni. Mitambo ni spika mbili zenye amplifaya ndani, mixa ya chaneli nane, maiki mbili zisizo na waya, moja ya waya kwa akiba, na kompyuta ya muziki na video.

Saa nane mchana mnafika. Kabla ya kushusha spika, tafuta umeme. Uliza soketi zipi ziko kwenye laini moja na jiko, birika na vipasha chakula, na uziepuke, kwa sababu vikiwashwa kwa pamoja fyuzi itakatika katikati ya hotuba. Mixa, kompyuta na spika zikiwezekana zichukue umeme sehemu moja, maana zikitofautiana mara nyingi unasikia mvumo mzito usiokoma. Usimruhusu mtu kukata pini ya ethi ili kuondoa mvumo huo. Pini hiyo inamlinda mtu atakayeshika maiki. Kama waya wa umeme umeviringishwa kwenye gurudumu, uvute wote utoke. Ukibaki umejikunja huku unapitisha umeme mwingi, unapata joto na unaweza kuyeyuka.

Spika zinasimama pembe mbili za mbele, kila moja ikigeuzwa kidogo kuelekea katikati. Panua miguu ya stendi mpaka mwisho, hakikisha pini ya usalama imeingia, na inyanyueni watu wawili. Sehemu ya juu ya spika, inakotoka sauti nyembamba, iwe juu ya vichwa vya walioketi, kiasi cha mita mbili. Kebo pitisha ukutani. Palipo na mlango, bandika tepu kufuata urefu wa kebo yote. Vipande vya hapa na pale mguu utavinyanyua. Kebo za maiki zikikutana na za umeme, zipishanishe kwa msalaba na zisiende sambamba.

Saa tisa na nusu mnawasha: mixa kwanza, spika mwisho. Wakati wa kuzima ni kinyume, spika kwanza. Ukikosea mpangilio utasikia mshindo mzito ambao unaweza kuumiza spika.

Maiki zisizo na waya ziwashe zote mbili kwa pamoja na uone kila moja inawasha kipokezi chake tu. Vipokezi viweke juu, mahali vinapoona jukwaa bila ukuta wala chuma katikati. Zipe namba kwa tepu, 1 na 2, na tembea nazo hadi mwisho wa ukumbi ukiongea. Ukipata sehemu zinapokatika, mwambie emsii asifike hapo. Mwonyeshe pia akipita mbele ya spika ashushe maiki kiunoni au asiongee, na wewe ushushe feda yake mpaka apite.

Kompyuta izime taarifa za ujumbe na uizuie kulala. Nyimbo na video ziwe ndani yake, siyo kwenye mtandao. Ikivuma mara tu unapochomeka chaja, chomoa chaja na uone. Mvumo ukinyamaza, tumia betri wakati wa video, au kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya kompyuta na mixa kuzuia mvumo, kama fundi anacho.

Saa kumi na moja unakaa na emsii na ratiba. Hii ndiyo nusu saa yenye thamani kuliko zote, na wasaidizi wengi wanaipoteza wakila. Pembeni ya kila mstari andika kwa kalamu: nani anaongea, maiki namba ngapi, anasimama wapi, na kinachofuata kutoka kwenye kompyuta. "Mwenyekiti, maiki 2, mezani kwake. Risala, maiki 2, mbele. Video, kompyuta, maiki zote zinyamazishwe. Mstaafu, maiki 2, amekaa." Sasa unajua mapema kwamba maiki 2 inatembea na 1 haitoki mkononi mwa emsii. Kisha weka betri mpya kwenye maiki zote mbili, hata kama taa inaonyesha zilizomo bado zina nguvu. Zile nusu utazitumia kwenye mazoezi.

Shughuli ikianza, macho yako yako kwa anayeongea na mkono uko kwenye feda. Emsii akishuka jukwaani kunong'ona na mtu, nyamazisha maiki yake mara moja. Akirudi akivuta pumzi ya kuongea, ifungue.

Sehemu ngumu ya shughuli hii itakuwa mstaafu mwenyewe. Mzee anapewa maiki, anaishika tumboni kwa mikono miwili na kuongea kwa sauti ya chini. Ukisukuma feda juu, mluzi utaanza. Nyamazisha maiki ya emsii kwanza, kisha nenda kwake ukiwa umeinama kidogo, na useme taratibu: "Shikamoo mzee. Naomba tuilete hapa, karibu na kidevu." Isogeze kwa mkono wako mpaka ibaki upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, ngoja aanze, kisha urudi kwenye mixa na kupandisha kidogo kidogo. Mara nyingi baada ya dakika mbili mkono unashuka tena. Kama ratiba inakuonyesha mapema kwamba atakaa, muwekee stendi fupi yenye ile maiki ya waya. Ni bora kuliko kumsahihisha mbele ya watu wake.

Ikitokea maiki imekufa katikati ya hotuba, usianze kuitibu mbele ya wageni. Peleka ile ya waya ikiwa imeshafunguliwa, chukua mbovu, kaitibu pembeni.

Mwisho, hesabu. Maiki tatu, vipokezi viwili, kebo zote, stendi zote, kabla gari halijafungwa. Maiki ndogo ndizo zinazoondoka na wageni, na fundi akifika nyumbani akakuta zimetimia, wikiendi ijayo atakupigia wewe kwanza.

Kazi yako ya kwanza mwenyewe

Ukishasaidia shughuli kadhaa, mtu atakuuliza kama unaweza kumfanyia kikao au sherehe ndogo. Kama amekuona kwenye kazi ya bosi wako, namba unayompa ni ya bosi. Mafundi wanajuana, na anayechukua wateja wa mwenzake haitwi tena na yeyote. Kazi zako zitoke kwa watu wako: jirani, ukoo, kikundi, ofisi ya rafiki.

Chagua shughuli ya watu 40 hadi 60, ndani ya ukumbi, hotuba na muziki wa kompyuta. Shughuli ya uwanjani yenye bendi, iache. Mpe bosi wako, na mara nyingi atakukodishia vifaa kwa bei nzuri pale utakapohitaji.

Kabla ya kutaja bei, muulize mteja wageni ni wangapi, ni ndani au nje, umeme upo au ni jenereta, ni watu wangapi wanaongea kwa wakati mmoja, kuna video au muziki wa kupigwa papo hapo, gari linaweza kufika hadi mlangoni, na inaisha saa ngapi. Nenda ukaone ukumbi, na upige makofi katikati yake usikie mwangwi.

Bei ijenge kutoka chini: kukodi vifaa, usafiri wa kwenda na kurudi, msaidizi mmoja, betri na tepu, kisha ujira wako. Wengi wanaanza na kiasi wanachodhani mteja atakubali, halafu wanagundua usiku kwamba usafiri umekula ujira wote. Malipo ya awali yasipungue gharama ya kukodi na usafiri, ili shughuli ikiahirishwa usibaki na deni la watu. Andika saa ya mwisho na bei ya kila saa inayozidi, maana hotuba huchelewa na mitambo ya kukodi ina saa ya kurudishwa.

Unapochukua vifaa vya kukodi, jaribu kila maiki na kila kebo mbele ya mwenyewe na upige picha ya mikwaruzo iliyopo. Unapovirudisha, fanya jaribio lile lile mkiwa wawili. Siku mbili baada ya shughuli, mtumie mteja salamu na umuulize mambo mawili tu: kama waliokaa nyuma walisikia maneno, na kama anamjua mtu mwenye shughuli mwezi huu.